Nondo Zilizochomoza Juu ya Slabu, na Bei ya Haki ya Kuongeza Ghorofa

Ukipanda mwendokasi Kimara asubuhi ukielekea mjini, ukatazama nje ya dirisha badala ya kutazama simu, utaona nyumba nyingi ambazo hazijaezekwa bati. Juu yake kuna slabu tupu, tangi la maji, kamba za nguo, na kwenye kila nguzo nondo nne au sita zimechomoza hewani kama mabua ya mahindi yaliyosahaulika shambani. Mgeni huenda akadhani ujenzi umekwama. Mwenyeji anajua kwamba mwenye nyumba ameacha mlango wazi: mambo yakimnyookea, atapandisha ghorofa nyingine, yasiponyooka, nondo zitabaki hapohapo na maisha yataendelea.

Nondo hizo si za bure. Ili nguzo ziweze kubeba sakafu nyingine siku za usoni, msingi huchimbwa kwa kina zaidi, zege huongezwa, chuma huwa kinene zaidi, na mhandisi hulipwa kwa hesabu za jengo kubwa kuliko linalojengwa leo. Kwa hiyo mwenye nyumba amenunua kitu. Amenunua haki ya kupanua bila kujifunga kwamba lazima apanue. Swali ambalo wengi hulijibu kwa hisia tu ni hili: haki hiyo ina thamani ya shilingi ngapi leo, kabla zege halijamwagwa?

Wataalamu wa fedha wana njia ya kulijibu, na si ngumu kama jina lake linavyotisha. Wanauita mti wa matawi mawili. Aliyefungua njia kwa upande wa miradi ni Stewart Myers wa chuo cha MIT, Marekani, ambaye mwaka 1977 alionyesha kwamba sehemu ya thamani ya kampuni haimo katika mali iliyonayo sasa, bali katika haki ya kuwekeza baadaye mambo yakikaa vizuri. Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, John Cox, Stephen Ross na Mark Rubinstein walichapisha makala iliyoonyesha jinsi ya kutafuta bei ya haki ya namna hiyo kwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya tu. Wao walikuwa wakizungumzia haki za kununua hisa. Lakini mti wao unakubali jengo, kiwanda au mgodi, ilimradi mtumiaji ajue anachokifanya.

Jengo moja mashuhuri la kisa hiki liko Chicago, kwenye mtaa wa Randolph, likitazama bustani kubwa ya jiji. Ni makao makuu ya kampuni ya bima ya afya. Mwaka 1997 lilikamilika likiwa na ghorofa 33, lakini msingi, nguzo na nafasi za lifti viliwekwa kwa ajili ya jengo refu zaidi. Kwa miaka kumi watu walifanya kazi ndani yake huku haki ile ikisubiri. Kazi ya kupandisha ilianza mwaka 2007, na mwaka 2010 jengo lilikuwa limeongezewa ghorofa 24 na kufika 57, wafanyakazi wakiendelea na shughuli zao chini. Lisbon, Ureno, walisubiri zaidi. Daraja lao kubwa juu ya mto Tagus lilifunguliwa mwaka 1966 kwa ajili ya magari tu, lakini liliundwa kwa namna ya kuweza kuongezewa njia ya reli chini yake. Treni zilianza kupita mwaka 1999.

Turudi kwenye kiwango cha mtu wa kawaida. Tuchukue mfano wa kubuni: mama mmoja ana kiwanja karibu na chuo na anataka kujenga hosteli ya wanafunzi yenye sakafu mbili za vyumba. Gharama ya kujenga ni shilingi milioni 390. Akikadiria kodi zote atakazopokea miaka ijayo na kuzigeuza kuwa thamani ya leo, hosteli ina thamani ya milioni 400. Faida yake ni milioni 10, ndogo lakini ipo.

Mhandisi anamwambia: "Mama, ukiongeza milioni 25 sasa, nitakuwekea msingi na nguzo za kubeba sakafu ya tatu. Usipofanya sasa, baadaye haitawezekana bila kubomoa."

Sakafu ya tatu, siku itakapojengwa, itagharimu milioni 220 na kuongeza thamani ya hosteli kwa nusu. Mama anapiga hesabu ya haraka: nusu ya milioni 400 ni milioni 200. Nikijenga sakafu hiyo leo natoa 220 napata 200, nimekula hasara ya milioni 20. Ya nini basi kulipia msingi wa kitu chenye hasara? Watu wengi wangeishia hapo. Hesabu hiyo ni sahihi kwa anayelazimika kujenga leo. Ila yeye halazimiki. Anaweza kusubiri miaka miwili aone chuo kinakwendaje, na kusubiri huko ndiko kunakopaswa kupewa bei.

Hapa ndipo mti unapopandwa. Tuseme mahitaji ya vyumba yanaweza kwenda njia mbili kila mwaka. Chuo kikiongeza wanafunzi, kodi hupanda na thamani ya hosteli huzidishwa kwa 1.25. Chuo kikipunguza udahili, au mikopo ya wanafunzi ikichelewa na vyumba vikakaa vitupu, thamani huzidishwa kwa 0.8. Kutoka milioni 400, baada ya mwaka mmoja tunafika 500 au 320. Baada ya miaka miwili tunafika sehemu tatu:

```
                 625
        500
400              400
        320
                 256
```

Matawi yanakutana katikati kwa sababu kupanda kisha kushuka kunakurudisha palepale unapofikishwa na kushuka kisha kupanda: 400 mara 1.25 mara 0.8 ni 400. Namba hizo mbili hazikuokotwa. Cox na wenzake walipendekeza ya kushuka iwe 1 gawanya kwa ya kupanda, na ya kupanda itokane na myumbo wa thamani kwa mwaka. Kupanda kwa 1.25 ni sawa na myumbo wa takriban asilimia 22. Mama anaweza kuupata kwa kukusanya kodi za hosteli za jirani za miaka kadhaa nyuma na kupima zilivyokuwa zikipanda na kushuka.

Sasa tunaanza mwishoni na kurudi nyuma, kama mtu anayefuata nyayo kurudi nyumbani. Mwaka wa pili, hosteli ikiwa na thamani ya milioni 625, sakafu ya tatu inaleta nusu yake, yaani 312.5, kwa gharama ya 220. Faida ni milioni 92.5, na mama anajenga bila kusita. Thamani ikiwa 400, sakafu italeta 200 kwa gharama ya 220. Hajengi, na kwa kuwa halazimiki, hasara yake hapo ni sifuri, si 20. Thamani ikiwa 256, vilevile hajengi. Kwa hiyo haki yake inazaa 92.5, au sifuri, au sifuri.

Kilichobaki ni kuzirudisha namba hizo hadi leo. Hapo wengi huteleza.

Silika ya kwanza ni kuuliza: kuna uwezekano gani wa chuo kukua? Mwanawe, kijana mwenye matumaini, anasema, "Mama, ni tisa kwa kumi, wanafunzi watajaa." Mama mwenyewe anasema nusu kwa nusu. Kila mmoja akitumia imani yake atapata bei yake, na hakuna wa kuwaamua. Uzuri wa mti ni kwamba hauhitaji kuwaamua. Sababu yake ni kwamba haki ile inaweza kuigwa.

Tazama kwa makini hatua ya mwaka wa kwanza. Kwa hesabu tutakayoiona hivi punde, haki itakuwa na thamani ya takriban milioni 56 hosteli ikipanda hadi 500, na sifuri ikishuka hadi 320. Tuseme kuna mtu hana nondo zozote, lakini anaweza kununua sehemu ya hosteli nyingine ya aina ileile, na anaweza kukopa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwaka, riba tutakayoichukua kuwa ya hati za Serikali, zisizo na wasiwasi wa kutolipwa. Mtu huyo ananunua kama asilimia 31 ya hosteli hiyo kwa milioni 124.6. Kati ya hizo, milioni 90.6 ni za kukopa na milioni 34 zinatoka mfukoni mwake. Mwaka ukiisha anadaiwa 99.7. Hosteli ikiwa imepanda, sehemu yake ina thamani ya 155.7, analipa deni, anabaki na milioni 56. Hosteli ikiwa imeshuka, sehemu yake ni 99.7, analipa deni, anabaki mikono mitupu.

Matokeo hayo ni yaleyale ya mwenye nondo, tawi kwa tawi. Vitu viwili vinavyolipa sawasawa katika kila hali haviwezi kuwa na bei tofauti, la sivyo mtu angenunua cha bei ya chini na kuuza cha bei ya juu mchana kutwa. Basi haki ya mama ina thamani ya milioni 34 leo. Na angalia: katika hesabu yote hiyo hakuna mahali palipoulizwa kama uwezekano wa kupanda ni tisa kwa kumi au nusu kwa nusu. Matumaini na hofu za watu zimekwisha kuingia katika ile milioni 400, bei ambayo jengo lenyewe linathaminiwa nayo. Kuziingiza tena ni kuhesabu mara mbili.

Kutafuta sehemu ya kununua na deni la kukopa katika kila pacha ya mti kunachosha, hasa mti ukiwa na hatua nyingi. Hivyo wataalamu wakatafuta njia ya mkato inayotoa jibu lilelile. Wanauliza: kama watu wote wasingejali hatari, na kila mali ingekua kwa asilimia 10 tu sawa na hati za Serikali, tawi la juu lingepaswa kuwa na uzito gani ili hosteli ya milioni 400 iwe na wastani wa 440 mwaka ujao? Jibu linatoka kwenye kanuni hii, ambamo r ni riba, u ni kizidisho cha kupanda na d cha kushuka:

```
p = (1 + r - d) / (u - d)
p = (1.10 - 0.80) / (1.25 - 0.80) = 0.667
```

Thuluthi mbili juu, thuluthi moja chini. Ukitaka kuhakikisha: thuluthi mbili za 500 ni 333.3, thuluthi moja ya 320 ni 106.7, jumla 440. Huu ndio unaoitwa uwezekano usiojali hatari. Si utabiri wa chuo kitakavyokwenda. Ni mizani iliyosawazishwa ili bei za matawi zikubaliane na bei ya leo, na atakayeichukua kuwa utabiri atajidanganya.

Ukiwa nayo, safari ya kurudi ni fupi. Katika tawi la 500, haki ina thamani ya thuluthi mbili za 92.5, gawanya kwa 1.10, yaani 56. Kabla ya kuendelea, lazima kuuliza swali moja ambalo husahaulika: je, si afadhali ajenge mwaka huohuo wa kwanza badala ya kusubiri? Akijenga hapo anapata nusu ya 500, yaani 250, kwa gharama ya 220. Faida ni 30. Kusubiri kuna thamani ya 56, kwa hiyo anasubiri. Katika tawi la 320 haki ni sifuri, maana kutoka hapo hakuna njia ya kufika 625. Rudi hatua ya mwisho: thuluthi mbili za 56, gawanya kwa 1.10, ni milioni 34. Namba ileile ya yule mwigaji.

Milioni 34 kwa gharama ya msingi ya milioni 25. Mti unasema lipa.

Ili kuona kwa nini uzito ule wa thuluthi mbili ni wa lazima, mtazame anayekwenda kwa mazoea. Tuseme anaamini hosteli za aina hii hukua kwa wastani wa asilimia 14 kwa mwaka. Ukuaji huo unamaanisha uwezekano halisi wa kupanda ni kama 0.756. Anazidisha mara mbili, anapata wastani wa milioni 52.8 baada ya miaka miwili, kisha anaurudisha leo kwa asilimia 14 ileile, maana ndiyo anayoijua. Anapata karibu milioni 41. Amezidisha bei kwa milioni saba, na kosa lake ni moja: haki ya kupanua ni ya hatari kuliko jengo lenyewe. Jengo likishuka kwa asilimia 20 bado ni jengo, lakini haki inayeyuka yote. Kiwango kilichostahili kuirudisha leo ni karibu asilimia 25 kwa mwaka, na hakuna mtu ambaye angekitaja kwa kukisia. Mti ulikibeba ndani yake bila kuulizwa.

Hadi hapa hesabu imenyooka mno, na msomaji aliyewahi kupangisha hata chumba kimoja huenda ameshahisi kuna kitu kimeachwa. Amehisi sawa. Hosteli hulipa kodi.

Rudi kwa yule mwigaji aliyenunua asilimia 31 ya hosteli nyingine. Katika mwaka ule mmoja wanafunzi wa hosteli ile walilipa kodi, na fungu lake aliingiza mfukoni. Mwenye nondo hakupata kitu kutokana na sakafu ambayo haijajengwa. Nondo hazipangishwi. Kwa hiyo mwigaji alikuwa na zaidi, na kulinganisha kwetu hakukuwa kwa haki. Hesabu ya kwanza ilikuwa sahihi kwa mali isiyolipa chochote njiani, kama hisa ya kampuni isiyogawa gawio.

Marekebisho ni mepesi, lakini athari yake si ndogo. Tuseme hosteli, baada ya kulipa umeme, maji, mlinzi na ukarabati, hubakiza kodi ya asilimia 6 ya thamani yake kwa mwaka, yaani milioni 24 kwa jengo la milioni 400. Katika dunia isiyojali hatari mwenye jengo anastahili asilimia 10 kwa jumla. Asilimia 6 ameshaipata kama kodi, hivyo thamani ya jengo yenyewe inapaswa kukua kwa asilimia 4 tu:

```
p = (1.04 - 0.80) / (1.25 - 0.80) = 0.533
```

Uzito wa tawi la juu umeshuka kutoka 0.667 hadi 0.533. Gawio hupunguza ukuaji, si riba ya kurudishia thamani leo, kwa hiyo tunaendelea kugawanya kwa 1.10. Katika tawi la 500 haki sasa ni takriban milioni 45, bado zaidi ya ile 30 ya kujenga papo hapo, hivyo kusubiri kunaendelea kushinda. Leo, haki ni milioni 21.7.

Msingi ni milioni 25. Mti uleule, jengo lilelile, nondo zilezile, na jibu limegeuka: usilipe kwa bei hiyo. Kosa la kusahau kodi ndilo kosa la kawaida kuliko yote wanaponakili mti wa hisa na kuupanda kwenye majengo, na ni hatari kwa sababu halionekani. Karatasi ni safi, kanuni ni sahihi, namba zinajumlishika. Namna ya kulikamata ni kumuuliza aliyepiga hesabu swali moja: mwenye mali hii anapokea nini kila mwaka ambacho mwenye haki hapokei? Kama jibu si sifuri, na halimo kwenye kanuni, bei imetiwa chumvi.

Kuna kosa la pili ambalo lenyewe hujitangaza. Ikiwa p imetoka kubwa kuliko 1 au ndogo kuliko sifuri, matawi yamepangwa vibaya. Mtu akisema thamani hupanda kwa 1.08 na kushuka kwa 0.93 huku hati za Serikali zikilipa asilimia 10, na akatumia kanuni ya kwanza, atapata p ya 1.13. Uwezekano wa namna hiyo haupo. Maana yake ni kwamba hata tawi zuri kabisa la mradi linazidiwa na hati ya Serikali. Ama myumbo umekadiriwa chini mno, ama mtu hapaswi kujenga kabisa.

Udhaifu wa tatu hauponi kwa hesabu. Mwigaji wetu alinunua asilimia 31 ya hosteli nyingine kana kwamba zinauzwa dukani. Kwenye mafuta, shaba au dhahabu, ambazo bei zake hutangazwa sokoni kila siku, kuiga kunakaribia kuwezekana kweli, na ndiyo maana njia hii ilipokelewa mapema na watu wa mafuta na madini. Hosteli ya karibu na chuo haina soko la vipande. Bei inayotoka kwenye mti hapo ni bei ambayo haki ingekuwa nayo kama vipande vingeuzwa, na ubora wake hauzidi ubora wa ile milioni 400 tuliyoanza nayo. Aliyekosea 400 amekosea mti mzima.

Halafu kuna jirani. Mti unadhani tawi la juu ni la mama peke yake. Lakini chuo kikikua, wenye viwanja wote wanaona, na kila mwenye nondo anapandisha siku moja na mwenzake. Vyumba vikizidi, kodi haipandi kama ilivyoandikwa, na ile 625 huenda ikawa 560. Kwa 560, sakafu ya tatu inaleta faida ya milioni 60 badala ya 92.5, na haki ya leo inashuka hadi kama milioni 14. Haki iliyo mikononi mwa kila mtu mtaani haiwezi kuwa na thamani ya haki iliyo mikononi mwa mmoja.

Tena nondo zina adui wao, nao ni kutu. Chuma kilichoachwa wazi hushikwa na mvua na hewa ya chumvi, hasa mwambao, na baada ya misimu kadhaa magamba ya kutu huanza kubanduka ukiyakwaruza kwa ukucha. Mafundi waangalifu huzifunika nondo kwa zege hafifu linaloweza kubomolewa siku ya kuendeleza, au huzipaka uji wa saruji. Asiyefanya hivyo anamiliki haki inayoliwa kila mwaka, na hakuna tawi la mti linaloonyesha hilo isipokuwa mtu aongeze gharama ya matunzo.

Lakini hatari kubwa zaidi ni ya nondo zinazodanganya. Nondo kuchomoza juu ya slabu hakuthibitishi kwamba msingi ulioko chini ya ardhi unaweza kubeba kitu. Nyumba nyingine huachiwa nondo kwa mazoea tu, fundi akiwa ameweka msingi wa sakafu moja. Mwenye nyumba wa namna hiyo hakununua haki yoyote, na siku akiitumia anatumia asichokuwa nacho. Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la Rana Plaza karibu na Dhaka, Bangladesh, liliporomoka likiwa limejaa wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Ghorofa zake za juu zilikuwa zimeongezwa bila kibali. Waliokufa walizidi 1,100. Haki ya kupanua huanza kwenye hesabu za mhandisi zilizotiwa sahihi kabla ya zege la kwanza, na mnunuzi wa nyumba yenye nondo juu anapaswa kuiomba karatasi hiyo kabla ya kulipa hata shilingi moja ya ziada kwa ajili yake.

Mti wa miaka miwili wenye matawi matatu mwishoni ni wa kufundishia. Anayetaka usahihi zaidi huugawa mwaka katika miezi mitatu-mitatu au hata mwezi mmoja-mmoja, na vizidisho vya kupanda na kushuka hupungua kulingana na muda. Kadiri hatua zinavyokuwa fupi, jibu la mti kwa haki ya hisa isiyo na gawio hulikaribia jibu la kanuni maarufu ya Black na Scholes ya mwaka 1973. Karatasi ya hesabu kwenye kompyuta humaliza kazi hiyo kwa dakika chache. Hata hivyo, kwa hosteli ya mtaani, muda huo ni heri utumike kuuliza kodi za majirani na kumhoji ofisa wa udahili wa chuo, maana kutojua milioni 400 ni 400 kweli kunaharibu zaidi kuliko kuwa na hatua mbili badala ya 24.

Mama wa kiwanja karibu na chuo, basi, ana jibu. Msingi wa sakafu ya tatu kwa milioni 25 ni ghali kwake, kwa kuwa haki yenyewe haizidi milioni 22 baada ya kuhesabu kodi, na majirani wakiwa wengi haifiki hata hapo. Arudi kwa mhandisi na kumuuliza kama msingi huo unaweza kushuka hadi milioni 14. Ukishuka, alipe, na nondo zake azifunike vizuri. Usiposhuka, ajenge sakafu zake mbili, aezeke bati, na apangishe.